Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa mamlaka ya masoko ya mitaji: idadi ya wanunuzi isitangazwe mauzo yakiendelea

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunaomba mamlaka yako ipige marufuku jambo moja: kampuni inayouza hisa kwa umma kwa bei iliyopangwa kutangaza, mauzo yakiwa bado yanaendelea, ni watu wangapi wamekwisha kununua. Tangazo hilo huonekana kuwa uwazi, kumbe ndilo linalowafanya hata wanunuzi makini waache kutumia wanachokijua wenyewe.

Chukua hisa yenye thamani ya 100 ikiwa kampuni ni nzima, na 0 ikiwa ni mbovu. Uwezekano ni nusu kwa nusu, na bei imepangwa kuwa 50. Wawekezaji wanaamua mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja amefanya uchunguzi wake, na uchunguzi huo hupata ukweli mara 7 katika 10. Anaona waliomtangulia wameamua nini, ila haoni walichokigundua.

Wa kwanza akipata dalili njema, kwake hisa ina thamani ya 70, basi ananunua. Wa pili naye akipata dalili njema ananunua. Akipata mbaya, dalili mbili zinafutana, na tuseme hapo anaamini uchunguzi wake na kukataa. Kwa hiyo hadi hapa kila uamuzi unafichua dalili iliyo nyuma yake.

Mambo yanabadilika kwa wa tatu. Wawili wamenunua, yeye ana dalili mbaya mkononi. Dalili yake inafuta moja ya zile mbili njema, inabaki moja, na thamani anayoikadiria ni 70. Bei ni 50. Ananunua, kinyume na alichokiona kwa macho yake, na hesabu yake haina kosa. Lakini angenunua pia kama dalili yake ingekuwa njema, kwa hiyo ununuzi wake haumwambii wa nne chochote. Wa nne anasimama palepale aliposimama wa tatu, na wa elfu moja vilevile: huu ndio mkumbo, kila mmoja akifuata waliomtangulia. Wanunuzi 1,000, ushahidi wa watu 2.

Sasa tuseme kampuni ni mbovu. Uwezekano wa wawili wa mwanzo kukosea wote ni asilimia 9. Wa kupatia wote ni asilimia 49. Katika asilimia 42 iliyobaki wanatofautiana, dalili zinafutana, na jozi inayofuata inaanza upya. Mwishowe mkumbo huwa wa makosa mara 9 katika 58, yaani asilimia 15 na ushei, hata wawekezaji wawe wengi kiasi gani. Kama watu 101 wangeandika dalili zao kwenye bahasha zilizofungwa na zikahesabiwa pamoja, uwezekano wa walio wengi kukosea ungekuwa chini ya 1 kati ya 10,000. Maarifa yalikuwepo sokoni. Utaratibu wa kuamua kwa zamu ndio ulioyazika.

Hesabu hii inatokana na kazi za wanauchumi: za Banerjee, na za Bikhchandani, Hirshleifer na Welch, zote za 1992. Inaeleza pia kwa nini kiputo, yaani bei iliyovimba kupita thamani halisi ya hisa, hupasuka kwa habari ndogo. Mkumbo uliosimama juu ya dalili mbili huyumba dalili moja tu mbaya ikiwekwa hadharani, kwa sababu anayefuata akiwa na dalili mbaya hana tena sababu ya kununua.

Tunakiri mpaka wa hesabu hii. Bei ikiruhusiwa kusogea, baada ya ununuzi wa wawili itapanda hadi karibu 84. Mwenye dalili mbaya anakadiria 70, kwa hiyo anauza, na dalili yake inaingia kwenye bei. Avery na Zemsky walionyesha hili mwaka 1998, wakaonyesha pia kwamba kiputo bado kinaweza kutokea pale soko lisipojua ni wanunuzi wangapi wana taarifa nzuri na wangapi wana taarifa hafifu. Ndiyo maana ombi letu linalenga mauzo ya bei iliyopangwa, ambako kinga ya bei haipo kabisa.

Maombi yote ya kununua yabaki siri hadi dirisha lifungwe, na jumla itangazwe siku moja. Madalali nao wakatazwe kuwaambia wateja kwamba hisa zinakaribia kuisha.

Kuna jambo la pili, na kwetu ndilo zito zaidi. Kwa kuwa ununuzi wa mwanzo mara mbili unatosha kuwasha mkumbo, muuzaji ana kila kishawishi cha kuwatanguliza watu wake. Pale ambapo kampuni inaruhusiwa kutaja wawekezaji walioahidi mapema kununua, waraka wa matarajio ueleze uhusiano wa kila mmoja wao na muuzaji, bei aliyolipa, na muda anaozuiwa kuuza. Aliyepewa punguzo hadi 30 angenunua kwa dalili njema, na angenunua pia bila dalili yoyote. Msomaji asiyejua punguzo hilo atauhesabu ununuzi wake kama ushahidi.

Wako,
Wachambuzi wa masoko ya mitaji