Risala ya Wasaidizi wa Kisheria kwa Mgeni Rasmi: Huduma kwa Jamii Badala ya Kifungo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi,
Viongozi wa kata na mitaa,
Wazee wetu na ndugu wananchi,

Tunakushukuru kwa kufika. Risala yetu ina jambo moja: wenye makosa madogo wapewe huduma kwa jamii badala ya kifungo.

Tarehe 9 Desemba 2019, hapa hapa Mwanza, uwanja wa CCM Kirumba, hayati Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Familia nyingi zilishangilia, nasi tulishangilia. Lakini kesho yake mahakama ziliendelea kupeleka watu gerezani kwa makosa madogo kama kawaida.

Mheshimiwa, magereza ya nchi yetu yana nafasi za watu wapatao 30,000, na ipo miaka waliomo wamepita hapo kwa maelfu. Chumba kikijaa, watu hulala ubavu ubavu, akigeuka mmoja wote wageuke. Kifua kikuu cha mmoja huwa hatari kwa wote. Mahabusu, ambaye ibara ya 13 ya Katiba inakataza kutendewa kama mkosaji, hubanwa sawa na aliyehukumiwa.

Tuchukue mfano wa kijana wa Mwaloni aliyeiba kiroba cha dagaa. Amekiri, ni kosa lake la kwanza, anapewa faini au miezi sita. Faini hana, basi anaingia Butimba. Kumbe Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamruhusu hakimu, pale kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3, kuamuru kijana huyo afanye kazi bila malipo kwenye shule au zahanati, huku akilala kwao. Kwanza afisa wa uangalizi hufika mtaani, huzungumza na familia, majirani na aliyeibiwa, kisha humwandikia hakimu taarifa. Kijana naye huulizwa kama yuko tayari. Akitoroka kazi, hurudishwa mahakamani na kifungo kinamngoja.

Katika kesi tulizofuatilia, mambo hukwama kwenye taarifa hiyo. Afisa hana usafiri, mitaa ni mingi, siku ya hukumu inafika karatasi haipo. Hakimu asiyejua kijana anaishi wapi na nani atamsimamia hawezi kulaumiwa akichagua gereza.

Hatusemi njia hii inamaliza msongamano. Haimgusi mahabusu, kwa kuwa huja baada ya mtu kutiwa hatiani. Huyo anahitaji dhamana. Wala haimfai mtu wa kosa zito.

Tunaomba mawili. Afisa wa uangalizi apewe nafasi kwenye magari ya wilaya yanayokwenda kwenye kata siku yanapotoka. Pili, watendaji wa kata waandike kazi zilizopo kwenye shule na zahanati zao, pamoja na jina la atakayesimamia na kusaini mahudhurio, orodha hiyo ifike mahakamani. Kwa kata yetu tumeshaianza: shule ya msingi inahitaji watu wa kuchimba mashimo ya vyoo, na mwalimu mkuu amekubali kusimamia.

Tunaomba kuwasilisha.