Konzi ya dagaa na kipande cha sato

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya lishe ilisema dagaa wakavu wana protini mara tatu ya samaki mbichi. Hesabu hiyo si ya uongo, ila imeachwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu mama anayepima dagaa kwa konzi.

Chukueni dagaa wa Ziwa Viktoria wakiwa wabichi, kilo moja, ndiyo kwanza wameshushwa mwaloni alfajiri. Katika kilo hiyo gramu kama 750 ni maji. Protini ni gramu 170 hivi, mafuta 40, na zilizobaki ni mifupa na madini. Waanikeni mpaka wakauke vizuri, mtabaki na gramu kama 280. Protini ni ile ile 170, haijaongezeka hata chembe. Kilichoondoka ni maji, ndiyo maana ukipima gramu 100 za wakavu unakuta protini inakaribia 60 na mafuta 14. Jua halitengenezi protini.

Sasa twende mezani, maana hakuna anayekula gramu 100 za dagaa wakavu kwa mlo mmoja. Ni sahani iliyofurika. Konzi ya mtu mzima ina gramu 20 hivi. Hapo pana protini gramu 12 na mafuta karibu gramu 3. Mnofu mbichi wa sato una protini gramu 20 katika kila gramu 100, na mafuta hayafiki gramu 2. Kwa hiyo konzi moja ya dagaa inalingana kwa protini na kipande cha mnofu wa sato cha gramu 60, kipande kidogo tu, lakini kwa mafuta inakizidi karibu mara tatu. Aliyesoma makala yenu akadhani konzi moja inazidi sato mzima amepotezwa. Anayedharau konzi hiyo kwa sababu ni chakula cha bei nafuu naye amekosea vilevile, tena dagaa huliwa na mifupa yake, na mifupa ya sato huishia jalalani.

Mafuta ndiyo makala yenu iliyapita haraka, nami nadhani ndiyo yenye habari. Protini huvumilia jua, lakini mafuta ya samaki ni laini na huharibika yakikutana na hewa, joto na mwanga. Dagaa mmoja ni mdogo kuliko kidole, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwili wake iko wazi kwa hewa. Akianikwa siku ya jua kali juu ya kichanja cha wavu, hewa ikipita juu na chini, hukauka upesi na hubaki na rangi ya fedha. Msimu wa mvua anakaa siku mbili tatu akiwa na unyevu, na hapo uharibifu huanza kabla hajafungwa kwenye gunia. Mtamjua kwa tumbo lililogeuka manjano au kahawia, harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyokaa siku nyingi, na ukimtafuna anakwaruza koo. Dagaa wa namna hiyo protini bado anayo, ila yale mafuta mazuri tunayomsifia yameshapungua. Jaribio la unyevu ni rahisi: mkunje. Mkavu huvunjika, mwenye maji hupinda.

Wale wa kuanikwa mchangani wana lao. Mchanga ni uzito unaoununua, na unapunguza protini ya konzi yako bila wewe kujua. Pia kuna mtindo wa kuchota kutoka kwenye gunia na kutafuna hapo hapo sokoni, hasa watoto. Kuanika si kupika. Vijidudu vya mchangani, vya kuku na mbwa wanaopita juu ya dagaa, haviuawi na jua hilo. Waoshwe kwa maji ya moto, kisha wapikwe au wakaangwe kwenye kikaango kikavu mpaka waive, ndipo waliwe kwa konzi.

Na wale wa pakiti, waliokaangwa wakawekwa pilipili, ni hesabu nyingine kabisa. Dagaa mkavu hunyonya mafuta kweli kweli, na mafuta unayoyakuta kwenye konzi hiyo mengi ni ya karai, si ya ziwani. Msiwaweke kwenye jedwali moja na wa kuanikwa.

Naomba basi mkichapisha tena jedwali la namna hii, mwandike kando ya kila samaki kama amepimwa mbichi, mkavu au aliyepikwa, na muongeze safu ya kipimo cha nyumbani: konzi kwa dagaa, kipande kwa sato.

Msomaji wenu,
Mwanza