Shangazi, nimwanzeje huyu kaka wa upande wa bwana harusi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, nauza duka la dawa hapa Morogoro. Kuongea na mtu nisiyemjua si shida kwangu, maana kutwa nzima watu wananieleza pale dirishani mambo ambayo hata wake zao hawajui. Shida yangu ni ya harusini, tena harusi yenyewe ni Jumamosi ijayo.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaolewa Moshi. Sendofu tumeshaifanya huku kwetu, na mimi kamati ilinipanga mlangoni kupokea kadi. Ulipoingia msafara wa upande wa bwana harusi, alikuwemo kaka mmoja ambaye baadaye msemaji wao alimtambulisha kuwa ni mdogo wake bwana harusi, mtoto wa baba mdogo. Nilimwambia karibu, akanipa kadi, akauliza vyoo viko wapi, nikamwonyesha. Mazungumzo yetu ndiyo hayo, Shangazi, usinicheke.

Sura yake ni ya kawaida tu. Nilianza kumwangalia wakati wa vinywaji. Wahudumu waliiruka meza ya wazee, na bibi yangu, ambaye hasikii vizuri na hapendi kuita mtu, akabaki anatazama wenzake wakinywa. Yule kaka alinyanyuka kutoka meza ya wageni, akaenda mpaka kwenye makreti, akarudi na soda ya tangawizi. Opena hakuna. Akazunguka meza baada ya meza akiiomba mpaka akaipata, akaifungua, akafuta mdomo wa chupa kwa tishu, kisha akachuchumaa karibu na sikio la bibi wakaongea mpaka mshereheshaji akaita watu kwenye keki. Hakuna aliyemtuma, wala mpiga picha hakuwa upande ule. Tangu siku hiyo bibi ananiuliza, "Yule kijana wa soda ni wa nani?"

Sasa nataka kumsemesha, na nimeupiga hesabu ule ukumbi nikaona si rahisi. Kwenye sendofu sisi ndio tulikuwa wenyeji, nilikuwa na sababu ya kupita kila meza. Moshi sisi ndio wageni. Tutakalishwa pamoja upande wetu, mimi katikati ya mama wadogo, na wao watakuwa ng'ambo. Binti akikatiza ukumbi kumfuata mwanaume, mama zangu wataona, mama zake wataona, na mshereheshaji akiwa wa wale wachokozi ataniimba kwenye maiki. Mwanaume akifanya hivyo wanacheka na kupiga vigelegele. Mimi nikifanya, Jumapili nzima ndani ya Kosta nitaitwa nimejirahisisha.

Nimeomba ushauri kwa wengine kabla yako. Rafiki yangu wa saluni anasema nichukue namba yake kwenye grupu la WhatsApp la wanandugu, nimtumie "mambo" biashara iishe. Hilo nalikataa. Mimi mwenyewe nimeshatumiwa hizo "mambo" na watu waliookota namba yangu kwenye magrupu ya michango, na kitu cha kwanza unachojiuliza si "huyu ni nani" bali "namba yangu kaitoa wapi". Sitaki aanze kunijua kwa swali hilo. Mama mdogo naye anasema nivae vizuri, nicheze vizuri kwenye zawadi, kama ana macho ataona. Anaweza kuona, Shangazi, halafu akaona na wengine kumi, maana tutakuwa tumevaa sare ya kitambaa kimoja.

Kwa hiyo nimeipitia ratiba ya harusi kipande kwa kipande. Muziki ukishafunguliwa, spika za kumbi zetu hazimruhusu mtu kusema kitu zaidi ya jina lake, tena kwa kupiga kelele sikioni, na sikio la mtu nisiyemjua si mahali pa kuanzia. Wakati wa zawadi kila kundi linapanda kwa zamu yake likicheza, hakuna pa kusimama. Foleni ya chakula ingefaa, ila mshereheshaji huita meza moja moja, kwa hiyo sisi na wao hatutakutana kwenye masufuria.

Nimebakiwa na muda mmoja tu ninaouona mzuri, ule wa kusubiri maharusi. Kadi imeandikwa saa 12 jioni, na wewe unajua maharusi wetu huingia saa ngapi. Watu wanakuwa wamesimama nje ya ukumbi vikundi vikundi, wanapiga picha, wanalalamikia njaa, muziki ni wa chini. Hapo mtu wa upande huu akisalimiana na wa upande ule hakuna anayegeuka, wengi wanakuwa bado wanaulizana nani ni nani.

Na neno la kuanzia nadhani ninalo. Nikimwuliza "umekuja lini" au "harusi unaionaje", atajibu "jana" au "nzuri", tutabaki tunatazama viatu. Ila nikimwambia, "Habari za jioni. Bibi uliyemtafutia opena Morogoro anakuulizia, njoo umsalimie," hilo ni kweli tupu, linamkumbusha alichofanya, na linampa kitu cha kuuliza: anaendeleaje, amekuja naye, amekaa wapi. Tukitembea kutoka pale mpaka kwa bibi, hizo hatua ndizo dakika zangu. Tukifika, bibi atamshika mkono na mimi nitaenda kumletea kiti au maji. Yaani nina pa kutokea hata kama mazungumzo yatakuwa makavu, maana ninachoogopa zaidi ya kuanza ni kule kusimama pale baada ya salamu, maneno yameisha, kila mtu anatafuta simu yake mfukoni.

Hofu yangu kwenye mpango huu ni bibi mwenyewe. Kwa kuwa hasikii, anaongea kwa sauti, na ana uwezo kabisa wa kusema "huyu ndiye mkwe wangu" mbele ya ukoo mzima wa Moshi. Nimwandae kabla, au nikimwandaa ndiyo nitakuwa nimemchochea?

Jingine ni namna ya kumwita. Kwa taratibu zetu yeye sasa ni shemeji, na mashemeji wana ruhusa ya kutaniana, kwa hiyo "shemeji" lingenirahisishia kazi. Lakini nikianza hivyo naona tutataniana usiku kucha, atanicheka vizuri, na kesho yake nitabaki shemeji tu. Nimwite kaka? Au nimwulize jina ingawa ninalijua tangu utambulisho?

Na la mwisho, nitajuaje kama ana mtu? Kwenye sendofu alikuja na kadi ya singo, ila kadi hufuata mchango wa mtu, haisemi kitu kuhusu moyo wake. Pete hana, nilitazama alipokuwa anafungua soda. Sitaki kumwuliza ana kwa ana dakika ya kwanza. Je, nimwulize dada yangu, ambaye siku hiyo atakuwa bibi harusi na kichwa chake kimejaa, au nisubiri nione kama atakuja na kadi ya dabo na nani kando yake?

Kosta inaondoka Msamvu Ijumaa alfajiri, na Jumapili asubuhi tunarudi. Ukinijibu kabla ya Alhamisi jioni nitashukuru sana, hata kama jibu lako ni kwamba nikae nile pilau langu nitulie.

Mpokea Kadi,
Morogoro