Usipunguze msosi wakati mguu uko kwenye hogo

Mambo vipi kaka Hamisi, pole sana na huo muundi. Nimesikiliza voisi yako mara mbili, na kilichonishtua sio kuvunjika, ni pale uliposema umekata msosi nusu kwa sababu hauchezi mpira na unaogopa kitambi. Kaka hapo ndo unaumia mara ya pili. Mi kazi yangu ni lishe na hii naiona kila mara kwa wachezaji, kwahiyo nivumilie niandike kirefu.

Msuli uliofungwa hogo unaanza kupungua ndani ya siku chache tu, ndani ya wiki mbili paja linaweza kupungua hata asilimia nane. Kwa kijana kama wewe shida kubwa sio kwamba nyama inabomolewa kwa kasi, ni kwamba ujenzi umeshuka. Msuli usiofanya kazi haustuki sana ukiletewa protini, yaani kipande kilekile cha samaki ambacho zamani kingejenga vizuri saivi kinajenga kidogo. Sasa we ukipunguza na chakula chenyewe, mwili unakosa nguvu ya kuendeshea na unakosa cha kujengea, na huku mfupa nao unataka kuunga, na kutembea na magongo kunakula nguvu kuliko unavyodhani. Punguza soda na vya kukaanga, na ugali punguza kidogo tu, basi.

Kwenye protini, kwa kilo zako 70 lenga kama gramu 120 kwa siku, ila mpangilio ndo wenye kazi. Nakujua wewe, asubuhi chai na maandazi, mchana wali na kamchuzi, afu usiku unajaza nyama sahani nzima. Mwili hauna stoo ya protini ya kuitunza mpaka kesho mchana, kwahiyo msuli unakaa na njaa kutwa nzima. Gawa, kila mlo upate kama gramu 30. Asubuhi mayai matatu, glasi ya maziwa na chapati moja, hapo umefika. Mchana ugali na kipande cha sato cha ukubwa wa kiganja, maharage pembeni. Saa kumi jioni mtindi glasi mbili na karanga za kujaza kiganja. Usiku wali, kikombe cha maharage yaliyoiva na dagaa wakavu waliopikwa vizuri, konzi moja tu ya dagaa ina protini nyingi kuliko watu wanavyofikiri na bei yake unaijua. Ukienda kulala kunywa glasi ya maziwa, usiku ni mrefu kukaa bila kitu. Ila kama uliwahi kuambiwa figo zina shida, usianze hii kabla ya kumuona daktari.

Najua bi mkubwa anakupikia supu ya kongoro kila siku, mshukuru na kunywa, lakini usiihesabu kama protini ya msuli. Ule ulaini unaonata mdomoni ni kolajeni, na kolajeni ina kidogo sana kile kijenzi cha protini kinachoitwa lusini, na lusini ndo inayoamsha ujenzi wa msuli, ipo ya kutosha kwenye maziwa, mayai, samaki na nyama yenyewe. Mwombe aongeze mayai mawili pembeni ya bakuli. Na yule jamaa wa jimu anayekuuzia kriatini, ule unga wa kujengea msuli, kuna vijana walifungwa mguu plasta wiki moja huku wakitumia na paja likapungua vilevile kama la wasiotumia, hiyo hela nunua mayai.

Chakula kinapunguza hasara, hakiizuii yote. Kinachoamsha msuli hasa ni kukaza, kwahiyo muulize daktari wako au mtu wa fizio kama unaruhusiwa kukaza paja ukiwa umelala, sekunde chache unaachia, unarudia. Akikubali, fanya, halafu kula mlo wako.

Mizani peke yake itakudanganya, maana msuli unaweza kutoka na mafuta yakaingia na kilo zikabaki palepale. Hogo lako limeishia chini ya goti kwahiyo una bahati, chukua tepu ya fundi cherehani, pima sentimita 15 juu ya kifuniko cha goti, paja likiwa limelegea, miguu yote miwili, mara moja kwa wiki. Siku za mwanzo uvimbe unaweza kuficha ukweli, usifurahi mapema. Mguu usioumia nao ukianza kupungua na kilo zinashuka, ujue unakula kidogo, rudisha ugali. Kiuno kikipanda, punguza mafuta na sukari, mayai usiyapunguze.

Jumapili nitumie namba za tepu pamoja na ulichokula Jumamosi kutwa nzima, hata kama ni maandazi, andika tu nione pa kurekebisha.

Rafiki yako,
Idi