Sheria humfunga na anayebomoa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi nijibu dai ninalolisikia kila mara hapa Kisumu, kwamba utawala wa sheria ni raia kutii sheria, basi.

Mwezi uliopita jirani yangu, mama anayekaanga ngege, alifika kazini alfajiri akakuta kibanda chake kimebomolewa na karai lake limepondeka chini ya mabati. Afisa aliyesimamia kazi ile alimwambia kibanda kilikuwa kwenye hifadhi ya barabara, na sheria ni sheria. Kuhusu hifadhi ya barabara sina ubishi, na mama mwenyewe hana. Lakini sheria anayoitaja afisa huyo ilimhusu yeye pia, tena kabla hajainua nyundo.

Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na wenye mamlaka kwa njia halali, ya busara na yenye utaratibu wa haki. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 inafafanua zaidi: mtu ambaye uamuzi utamwumiza apewe notisi ya mapema inayomtosha, aelezwe sababu, na apate nafasi ya kusikilizwa. Angepewa wiki mbili tu, mama angeokoa mbao na karai, au angeomba kuonyeshwa mpaka wa hifadhi unapita wapi hasa. Huenda bado angehama, lakini angehama kwa uamuzi ambao mtu amelazimika kuueleza.

Tunasahau kwamba enzi ya ukoloni sheria ya kipande, kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimika kutembea nacho, ilitekelezwa kwa ukali mno, na aliyepatikana bila kipande aliadhibiwa. Sheria ilikuwepo na watu waliitii kwa hofu. Kilichokosekana ni sheria iliyoweza kumhoji mkoloni.

Kwa mwenye msiba kama wa jirani yangu, sheria hiyo ya 2015 ina kipengele ambacho wengi hawakijui. Aliyeathiriwa anaweza kuomba sababu kwa maandishi, na ofisi ina miezi mitatu ya kumjibu. Ikikaa kimya na shauri likafika mahakamani, uamuzi huchukuliwa kuwa ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka ofisi ithibitishe vinginevyo. Hilo halimrudishii mama kibanda moja kwa moja, na kwa kawaida mahakama humtaka kwanza amalize njia za rufaa zilizomo ndani ya ofisi yenyewe. Hata hivyo, mzigo wa kujieleza huwa umehamia kwa aliyebomoa.

Jumatatu tulimwandikia mama barua ya ukurasa mmoja ya kuomba sababu hizo, ikitaja tarehe, mahali na vitu vilivyoharibika. Karani wa mapokezi katika ofisi ya afisa huyo alisita, akaingia ndani kuuliza, kisha akaigonga nakala yetu muhuri. Mama ameifunga kwenye nailoni, na miezi mitatu inahesabiwa tangu siku hiyo.

Msomaji wako,
Kisumu