Karuseli ya nafasi za masomo: kila slaidi ijitegemee

Shule na vyuo vinavyotuletea kazi ya kutangaza nafasi za masomo mara nyingi huomba karuseli, yaani posti yenye picha kadhaa ambazo mtu anazitelezesha kwa kidole. Ni chaguo zuri, maana tangazo la kujiunga lina mambo mengi ambayo hayatoshi kwenye picha moja. Ila kuna jambo ambalo waandaaji wengi hawalifikirii: mzazi hasambazi karuseli nzima. Anapiga skrinshoti ya slaidi iliyomgusa, anaituma kwa mwenzake au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na huko inafika ikiwa peke yake. Haina jina la chuo, haina tarehe, haina namba ya simu. Dalili yake utaiona ofisini, simu zikianza kuingia: "Samahani mwalimu, hivi mwisho wa fomu ni lini?" Tarehe ilikuwepo, lakini ilikuwa slaidi ya sita.

Kwa hiyo sisi huanza kwa kutenga ukanda chini ya kila slaidi, bila kuruka hata moja. Slaidi ikiwa na upana wa pikseli 1080 na urefu wa 1350, ukanda wa pikseli kama 130 unatosha kubeba jina la chuo, mwisho wa maombi na namba ya simu. Wabunifu wengine huulalamikia kwamba unakula nafasi. Unakula kweli, na tunaukubali, kwa sababu ndio unaosafiri na skrinshoti.

Tuchukue mfano wa chuo cha ufundi chenye kozi mbili, umeme wa majumbani na ushonaji. Tangazo linalotoka masjala kwa kawaida huanza hivi: "Uongozi wa chuo unapenda kuwatangazia wazazi, walezi na umma kwa ujumla kuwa nafasi za masomo kwa mwaka 2026 zimefunguliwa rasmi." Kwenye karatasi ya ubaoni halina neno. Kwenye simu, mzazi ameshapita kabla hajajua kama linamhusu mwanawe. Slaidi ya kwanza tungeiandika hivi:

"Umeme wa majumbani na ushonaji. Kwa aliyemaliza sekondari. Fomu zinapokelewa hadi Ijumaa, 30 Januari 2026, saa 10:00 jioni."

Basi. Picha ya jengo na salamu za mkuu wa chuo zikae mwishoni, kama lazima ziwepo.

Slaidi ya pili nayo iandikwe kana kwamba ndiyo ya kwanza. Instagram ina tabia ya kumrudishia mtu karuseli aliyoipita bila kutelezesha, safari hii ikianzia picha ya pili. Ukiweka hapo sentensi inayoendelea kutoka slaidi ya kwanza, atakutana na kipande kisicho na kichwa. Sisi huweka sifa za kujiunga, kwa sababu swali la pili la mzazi ni kama mtoto wake anafaa.

Hapa ndipo tunapobishana sana na wateja. "Awe na ufaulu mzuri" si sifa. Mzazi hana kipimo cha kuipimia. "Awe amefaulu hisabati na somo moja la sayansi" ni sifa, maana anachukua cheti, anaangalia, anapata jibu. Kisha tunauliza chuo swali ambalo karibu kila tangazo hulisahau: anayesubiri matokeo anaruhusiwa kuomba? Kama ndiyo, iandikwe wazi: "Anayesubiri matokeo aombe sasa; ataleta matokeo kabla ya kusajiliwa." Kama sivyo, iandikwe pia. Bila sentensi hiyo, mzazi anasubiri matokeo kwanza, na yakitoka fomu zimeshafungwa.

Tarehe zinastahili slaidi yao. Kwenye mfano wetu ziko tatu: mwisho wa kurudisha fomu, siku ya usaili na siku ya kuripoti. Zikipangwa kama jedwali tupu, mzazi huchanganya, akadhani anaweza kurudisha fomu hadi siku ya kuripoti. Tunaanza kila mstari na kitendo chake yeye: "Rudisha fomu kabla ya…", "Mlete mwanao kwenye usaili…", "Aripoti chuoni…". Jina la siku liandikwe pamoja na tarehe, na mwaka usiachwe, kwa sababu skrinshoti ya mwaka jana bado inazunguka kwenye makundi. Kabla ya kuchapisha, fungua kalenda uhakikishe siku na tarehe zinakubaliana. Tangazo linaposema Alhamisi, 30 Januari 2026, wakati siku hiyo ni Ijumaa, mzazi mmoja atafuata siku na mwingine atafuata tarehe.

Saa nazo zina mtego wake. "Saa sita usiku, Ijumaa" inaweza kueleweka kuwa usiku wa kuamkia Ijumaa au usiku wa Ijumaa yenyewe, na tofauti yake ni siku nzima. Mfumo wa maombi ya mtandaoni ukifungwa 23:59, andika "saa 5:59 usiku wa Ijumaa". Lakini kama fomu zinapokelewa kwa mkono dirishani, andika saa ambayo dirisha linafungwa kweli.

Viambatisho tunavipitia haraka, ila neno "nakala" na neno "halisi" yasikosekane: nakala ya cheti cha kuzaliwa iambatane na fomu, cheti halisi kije siku ya usaili. Picha ndogo za pasipoti zitajwe idadi.

Kuhusu ada, baadhi ya wateja hupenda kuandika "piga simu kwa maelezo". Tunawashauri wasifanye hivyo. Mzazi asiyeona kiasi hukisia, na mara nyingi hukisia juu, kisha anaachana nanyi kimya kimya. Andika kiasi, kilichomo ndani ya ada, kilicho nje yake, na kama malipo ya fomu hayarudishwi. Andika pia jina la akaunti ya chuo kama linavyosomeka benki, na mstari mmoja: "Chuo hakipokei ada kupitia namba ya mtu binafsi." Matapeli huchukua tangazo halali, wakabadilisha namba, wakalirusha upya.

Maelezo chini ya posti yarudie tarehe, sifa na simu kwa maandishi ya kawaida. Namba iliyo ndani ya picha si rahisi kuinakili, na mzazi asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini anaweza asisomewe kilichochorwa kwenye picha. Kiungo cha fomu ukikiweka kwenye maelezo ya Instagram hakibonyezeki, basi kiweke kwenye wasifu na uelekeze huko.

Jaribio letu la mwisho ni jepesi. Tunachukua slaidi moja ya katikati, tuseme ya nne, tunamtumia mtu asiyekijua chuo hicho na kumuuliza: ni chuo gani, mwisho lini, apige simu wapi? Akikwama, kazi inarudi mezani. Tunafanya hivyo kabla ya kuchapisha kwa sababu baada ya hapo maelezo unaweza kuyahariri, lakini picha iliyokosewa huwezi kuibadilisha kwa nyingine ndani ya posti ileile.

Na chuo kikiongeza muda, usiifute posti ya zamani ukadhani umemaliza. Skrinshoti zake zimeshatoka. Hariri mstari wa kwanza wa maelezo uandike tarehe mpya, kisha chapisha karuseli mpya ambayo slaidi yake ya kwanza inataja zote mbili: "Mwisho umesogezwa kutoka Ijumaa, 30 Januari 2026 hadi Ijumaa, 13 Februari 2026." Mzazi mwenye picha ya zamani mkononi ataiona tarehe anayoijua, na atajua ipi ya kufuata.