YAH: Ondoeni namba yangu kwenye faili la mdaiwa wenu

Kwa Meneja, Kitengo cha Mikopo na Madeni,

Habari za kazi. Nawaandikia kuhusu meseji na simu za deni mnazonitumia kwa jina la mtu ambaye mimi simjui, sijawahi kumuona wala kufanya naye kazi. Kwenye simu nimeshaongea na watu wenu mpaka nimechoka, kila anayepokea anaanza upya utadhani sijawahi kupiga, ndo maana safari hii nataka iwe kwenye maandishi.

Hii laini nimeinunua mpya dukani na kusajiliwa kwa kitambulisho changu Februari 2024. Meseji yenu ya juzi inasema, naikopi kama ilivyo ila jina nimelitoa, "Ndugu mteja, mkopo wako wa Machi 2023 umechelewa. Lipa leo kuepuka kupelekwa kwa wakala wa madeni." Sasa angalieni hizo tarehe mbili. Mkopo umechukuliwa karibu mwaka mzima kabla mimi sijaishika hii namba. Nimeenda kwenye mtandao wa simu wakanipa uthibitisho wenye tarehe ya usajili, nimeuambatanisha hapa, jina langu linaonekana ila namba ya kitambulisho nimeiziba na sababu nitaieleza.

Kilichotokea wala sio siri. Mtu akiacha kutumia laini muda mrefu mtandao unaifunga, namba inawekwa pembeni kwa kipindi fulani halafu inarudishwa sokoni anapewa mtu mwingine. Mitandao inafanya hivyo kwa sababu namba zina kikomo. Kwahiyo mwenye namba wa zamani aliiacha, mimi nikaipata kihalali, na nyie faili lenu limebaki na taarifa iliyokufa. Msiniambie hakuna namna ya kujua. Marekani kwa mfano namba iliyofungwa lazima ipumzike angalau siku 45 kabla ya kugawiwa tena, na tangu 2021 kuna kanzidata maalum ambayo kampuni inaangalia kama namba imekatwa toka kwa mwenyewe baada ya tarehe fulani. Na hata pasipo na kanzidata ya hivyo, mtu akiwapigia mwenyewe akawaambia namba imebadilisha mwenyewe, hapo mmeshajua tayari.

Tatizo kubwa ambalo nataka mlielewe ni hili la uhakiki. Nikipiga kuomba namba itolewe, afisa ananiambia hawezi kugusa akaunti mpaka ahakikishe naongea na mwenye akaunti, kwahiyo nitaje tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Nikimjibu mimi sio mwenye akaunti, anasema basi mwenye akaunti apige mwenyewe. Mwenye akaunti atapigaje wakati nyie mnamtafuta kwenye namba yangu? Yeye pengine hata hajui kama mnamtafuta! Na mimi kitambulisho changu sikitaji ng'o, kwa sababu kikishaandikwa kwenye faili la mdaiwa kesho kutwa naweza kukuta deni limesogea toka kwenye jina lake likaja kwangu. Ndo maana kwenye kiambatanisho nimeiziba ile namba. Kuithibitisha hii laini ni yangu inatosha kabisa tarehe ya usajili, hamhitaji kujua nimezaliwa lini.

Kuna afisa mmoja alinishauri nilipe japo kidogo ili mfumo utulie. Huo ushauri ni mbaya sana na naomba mkamfundishe, maana malipo yakitoka kwenye namba yangu kwenda kwenye lile deni yanaonekana kama mdaiwa amekubali deni na anaendelea kulilipa, halafu baadae nitaanzaje kusema silijui? Sijalipa na sitalipa hata senti.

Halafu nimejibu STOP kama meseji zenu zinavyoelekeza. Meseji za matangazo kweli zilikata, za madeni zikaendelea kuja kwa jina lingine la mtumaji. Nimekuja kugundua kwamba STOP inakutoa kwenye orodha ya matangazo tu, madeni yana orodha yake, na mkishalikabidhi deni kwa wakala naye ana orodha yake. Kuna wakati mlinitoa kabisa, simu ikatulia, nikashukuru Mungu, mara wakala akaanza kunipigia alfajiri, na siku chache mbele nyie wenyewe mkarudi tena. Maana yake namba inafutwa sehemu moja, halafu faili la wakala likiletwa kwenu linairudisha palepale. Mkiifuta sehemu moja tu bila kuizuia isirudi, mtakuwa hamjafanya kitu.

Na hapa sijitetei mimi peke yangu. Mfikirieni na huyo mteja wenu. Mimi nalijua jina lake kamili, najua anadaiwa shilingi ngapi na amechelewa tangu lini, vitu ambavyo mtu baki hatakiwi kuvijua. Siku moja ikaingia kwangu ile namba ya siri ya tarakimu sita ya kubadilisha nywila ya akaunti yake kwenu. Pengine ni yeye alikuwa anajaribu kuingia ili alipe, akaisubiri weee haikufika kwa sababu imekuja kwangu. Nimeifuta. Ila ingeangukia kwa mtu mwenye roho mbaya angeingia kwenye akaunti akakopa tena kwa jina lake, na mngemfuata yeye. Hii kwangu ndo inaniuma zaidi, kelele za simu naweza kuzizima lakini huyo mtu hana habari kabisa.

Kwahiyo ninachotaka ni namba hii itolewe kwenye faili la huyo mteja kila ilipo, yaani kama namba yake kuu, namba ya mbadala, na kama kuna mkopaji mwingine aliiandika kama mdhamini au mtu wa karibu nako iangaliwe, maana mara nyingi hapo ndo panasahaulika. Iondolewe pia kwenye kuingia akaunti na kupokea namba za siri. Mumwandikie wakala wenu aitoe kwake, na mkiwa na orodha ya namba zisizoruhusiwa kupigiwa muiweke humo ili faili lolote likiletwa isirudi. Kama mlishaipeleka kwenye taasisi ya taarifa za mikopo ikiwa imeambatana na deni hilo, mpeleke masahihisho. Huyo mteja mtafuteni kwa barua pepe au anuani aliyoandika kwenye fomu, deni lake ni lenu na yeye, sijasema mlisamehe.

Mkishamaliza nijibuni kwa maandishi kwenye barua pepe niliyotumia hapa, mkitaja namba hii, tarehe mliyoitoa na jina la wakala mliyemjulisha. Nawapa siku 14. Meseji zote nimezihifadhi picha zikiwa na tarehe na jina la mtumaji, na ikiingia nyingine baada ya hapo nazipeleka zote pamoja na barua hii kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi na kwa wanaowapa leseni ya kukopesha. Tafadhali msinipigie simu kuhusu barua hii, afisa atakayepiga ataanza tena kuniuliza kama mimi ndo yule mteja.

Wenu,
Mwenye namba kwa sasa

Viambatanisho: uthibitisho wa usajili wa laini, picha za meseji (jina la mteja limezibwa)